Kupokea Maziwa ya Asubuhi: Orodha ya Hatua kwa Mfanyakazi Mpya

Kituo cha ushirika cha kupoza maziwa, Kiruhura

Utaratibu kamili wa kurasa tisa uko kwenye faili ya kijani ofisini. Usome wiki hii. Foleni ikishafika getini, fuata orodha hii. Tia alama ya vema kila hatua inapokwisha, usingoje kuzitia zote mwishoni.

Kabla ya kufungua geti

1. Nawa mikono kwa sabuni. Vaa koti, kofia na gambuti. Ukiwa unaharisha au una kidonda mkononi, niambie. Utafanya kazi nyingine leo.

2. Soma joto la tangi, uandike. Maziwa ya jana yawe 4°C au chini. Yakizidi hapo, usimimine chochote juu yake. Niite.

3. Washa jenereta dakika 5, tazama dizeli. Umeme haupigi hodi ukiondoka.

Kwa kila mkebe

4. Mkebe uwe wa alumini au chuma cha pua. Jerikeni ya plastiki hatupokei hata iking'aa: mkono hauingii, pembe hazisuguliki.

5. Uliza: "Kuna ng'ombe aliyechomwa sindano?" Akiwepo na maziwa yake yamo, usipokee. Kipimo cha alkoholi cha hatua ya 8 hakionyeshi dawa, kwa hiyo swali hili usiliruke.

6. Fungua kifuniko, nusa papo hapo, maana harufu hupotea upesi. Tazama rangi, mabonge, damu, nzi. Usionje, maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa brusela.

7. Koroga kutoka chini hadi juu.

8. Tia mililita 2 za maziwa na 2 za alkoholi kwenye neli, geuza taratibu. Vipunje vikishika ukutani mwa neli, rudia kipimo mara moja tu, mwenye mkebe akiona. Vikirudi, kataa.

9. Tumbukiza laktomita, kipimo cha kutambua maziwa yaliyotiwa maji, soma usawa wa jicho. Pima na joto: kwa kila nyuzi 1 juu ya 20°C, ongeza 0.2. Mfano, laktomita 27 kwenye 25°C ni 28. Hapa kituoni, chini ya 28 tunakataa. Ukisahau joto, utamwita mwizi mama aliyeleta maziwa ya moto kutoka zizini.

10. Ukikataa, mwite mzee au mama huyo pembeni, mwonyeshe neli au laktomita, na mrudishie maziwa yake yote. Usitamke neno "maji" mbele ya foleni. Pengine ameamka saa 10 usiku, na hayo ndiyo ada ya shule ya mtoto. Andika sababu kwenye daftari, naye aone unachoandika.

11. Yaliyopita: chuja, pima lita, andika, mpe risiti, kisha mimina.

Baada ya mkebe wa mwisho

12. Osha vichujio na neli kwanza, sakafu baadaye.

13. Soma tena joto la tangi baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Lisiposhuka, nipigie hata kama niko njiani kwenda Mbarara.