YAH: KUONGEZEWA MUDA WA MAJARIBIO

26 Juni 2025

Ndugu Rehema,

Miezi yako sita ya majaribio kama mtunza stoo inaisha tarehe 30 Juni. Kufuatia mazungumzo yetu ya Jumatatu, tunakuongezea miezi mitatu, hadi 30 Septemba 2025.

Nidhamu yako ni nzuri na wateja wanakusifu, tungependa ubaki. Tatizo ni leja. Aprili na Mei salio la saruji halikulingana na mifuko iliyokuwepo, na hati za kupokelea mizigo zilijazwa kesho yake.

Kuanzia Julai, tofauti isizidi mifuko miwili kwa mwezi, na kila hati ijazwe kabla lori halijaondoka. Msimamizi atahesabu nawe kila Ijumaa. Mshahara haubadiliki.

Meneja Rasilimali Watu