Jumamosi Moja

Kundi: Watoto wa Mama

Jumapili, 9 Novemba 2025

Rehema, saa 2:14 usiku: Shikamoo Mama. Wadogo zangu, hamjambo? Tangu tumzike Baba mwaka 2021 hatujawahi kukaa sote chini ya paa moja. Miaka minne. Naomba mwezi wa 12 tuonane kwa Mama, Jumamosi moja tu. Kila mtu aseme ni lini anaweza.

Mama, saa 2:20 usiku: Marahaba mwanangu. Mungu akubariki kwa wazo hilo.

Tatu, saa 2:31 usiku: Shikamoo Mama, shikamoo Dada. Mimi nasimamia mitihani mpaka tarehe 12. Kabla ya hapo msinihesabu.

Juma, saa 4:05 usiku: Mama shikamoo. Niko barabarani, nimeegesha kidogo. Tarehe 8 naondoka na mzigo, narudi 17. Tarehe 22 alfajiri napakia tena.

Rehema, saa 4:09 usiku: Basi Jumamosi tarehe 13 Juma hayupo, na ya 27 kazini kwangu tunafunga mahesabu. Inabaki ya 20. Nikiomba likizo kesho naipata. Bakari?

Rehema, saa 4:40 usiku: Bakari, naona umesoma.

Jumatatu, 10 Novemba

Bakari, saa 12:50 asubuhi: Shikamooni. Dada, Jumamosi sitaweza. Tufanye Jumapili ya 21.

Juma, saa 1:15 asubuhi: Jumapili saa sita mchana mimi natakiwa niwe njiani, la sivyo alfajiri nitakuta gari lina dereva mwingine. Mdogo wangu, wewe unakaa hatua mia kutoka kwa Mama. Sisi ndio tunaosafiri.

Bakari, saa 1:18 asubuhi: Najua Kaka.

Rehema, saa 1:22 asubuhi: Una nini Jumamosi?

Bakari, saa 1:30 asubuhi: Kazi.

Tatu, saa 10:02 jioni: Kazi gani isiyo na ruhusa ya siku moja? Hata harusi ya wifi yetu mwezi wa 9 hukuja, ilikuwa Jumamosi. Nilipokuja mwezi wa 10, sikukukuta, na Mama naye mlango umefungwa hadi mchana.

Bakari, saa 10:04 jioni: *Ujumbe huu umefutwa*

Juma, saa 3:37 usiku: Tuseme ukweli. Tangu Baba aondoke, Bakari amejitenga. Nyumba ile ni ya sote. Kukaa karibu na Mama hakumfanyi mtu awe mwenye Mama.

Mama, saa 3:41 usiku: Juma. Usimseme mwenzio hivyo.

Mama, saa 3:42 usiku: Fanyeni Jumapili. Hata mimi Jumamosi siko vizuri.

Rehema, saa 3:50 usiku: Mama, usimbebe. Ndivyo unavyomlea.

Ujumbe wa Bakari kwa Mama

Bakari, saa 3:58 usiku: Mama, niruhusu niwaambie.

Mama, saa 4:10 usiku: Juma yuko kwenye usukani usiku huu. Unataka asikie hilo akiwa anaendesha?

Bakari, saa 4:11 usiku: Na kesho utasema Tatu ana mitihani. Miezi minne Mama.

Mama, saa 4:19 usiku: Ukiwaambia wataacha kazi zao. Walale kwanza. Na wewe lala, kesho ni Jumanne.

Kundi: Watoto wa Mama

Alhamisi, 13 Novemba

Rehema, saa 1:05 usiku: Likizo nimeshapewa, tarehe 19 hadi 22. Jumamosi ya 20 tunakutana. Atakayekuja aje, asiyekuja tutajua la kusema.

Rehema, saa 1:47 usiku: shikamoo bibi ni mimi zawadi nimechukua simu ya mama. tunakuja kwako!! mkono wako bado unanguruma kama simu ikitetemeka? nikija nitaushika tena mpaka nilale. shikamoo mjomba bakari

Tatu, saa 1:49 usiku: Mkono unanguruma?

Rehema, saa 2:03 usiku: Samahanini, huyu mtoto. Nimemuuliza. Anasema alipokuwa kwa Bibi likizo iliyopita alikuwa analala ameshika mkono wake wa kushoto, na ndani mna kitu kinatetemeka. Anasema Bibi alimwambia ni siri ya watu wawili. Mama?

Tatu, saa 2:04 usiku: Mama, nguo za mikono mirefu kwenye joto lile. Nilikuuliza, ukasema mbu.

Juma, saa 2:20 usiku: Nimesimama. Gari limezimwa. Semeni.

Bakari, saa 2:31 usiku: Mama, nisamehe.

Bakari, saa 2:44 usiku: Presha imekula figo za Mama. Tangu mwezi wa 7 anasafishwa damu kwa mashine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anaunganishwa saa 1 asubuhi, anatolewa saa 5. Kinachotetemeka ni mshipa aliofanyiwa upasuaji mkononi, ndio njia ya damu kwenda kwenye mashine na kurudi. Mkono huo haupimwi presha wala haubebi ndoo. Ukinguruma ni vizuri. Kila usiku kabla sijaondoka nauwekea sikio nisikie kama bado.

Tatu, saa 2:46 usiku: Ee Mungu wangu.

Rehema, saa 2:52 usiku: Na siku ikisogezwa? Hiyo ya 20?

Bakari, saa 2:55 usiku: Haisogei Dada. Mashine ni chache, kila mgonjwa ana zamu yake. Akiruka siku moja maji yanamjaa mwilini, pumzi inakuwa fupi. Maji yenyewe anakunywa kwa kikombe kidogo cha kupimia, ameweka alama ya kalamu.

Juma, saa 3:10 usiku: Bakari. Yale niliyoandika Jumatatu nayafuta kwa mdomo wangu. Nitakuja kukuomba radhi uso kwa uso.

Bakari, saa 3:12 usiku: Yameisha Kaka.

Juma, saa 3:13 usiku: Hayajaisha. Mama, binadamu ana figo mbili. Nipimwe mimi.

Mama, saa 3:30 usiku: Utapimwa ukifika. Kwanza fika salama.

Mama, saa 3:34 usiku: Wanangu, msimlaumu Bakari, nilimuapisha. Niliogopa mtaanza kuja mmoja mmoja kuniaga. Nilitaka mje kwa ajili ya kuonana.

Rehema, saa 3:58 usiku: Nimelia nimenyamaza. Sasa sikilizeni. Tarehe ni ile ile, Jumamosi ya 20. Tunafika Ijumaa usiku. Asubuhi tunakwenda naye sote.

Mama, saa 4:01 usiku: Mle ndani hamuingii kundi zima. Pembeni ya mgonjwa kuna kiti kimoja.

Tatu, saa 4:06 usiku: Saa 1 mpaka saa 5 ni saa nne. Sisi tuko wanne.

Rehema, saa 4:07 usiku: Naanza mimi. Saa 2 Juma, saa 3 Tatu, saa 4 Bakari.

Juma, saa 4:09 usiku: Bakari amekalia kiti hicho miezi minne. Siku hiyo alale, saa yake nakaa mimi.

Bakari, saa 4:12 usiku: Nitalala mchana Mama akilala, maana akitoka pale huwa amechoka sana. Saa yangu niachieni.

Tatu, saa 4:13 usiku: Jioni akiamka tunakaa sote. Na Jumapili asubuhi mpaka Juma aondoke.

Rehema, saa 4:15 usiku: Imepita?

Juma, saa 4:15 usiku: Imepita.

Tatu, saa 4:15 usiku: Imepita Dada.

Bakari, saa 4:16 usiku: Imepita.

Mama, saa 4:29 usiku: Mje na masweta. Mle ndani kuna baridi.