Ombi la udhamini: kazi ya mtunza bohari, Moshi

Mama Nuru, shikamoo dada.

Habari za siku, na wanao hawajambo? Nuru bila shaka sasa anakufikia begani. Ningekupigia, ila najua wiki hii uko zamu ya usiku na mchana unatafuta usingizi. Nimeona nikuandikie ili usome ukitulia.

Nimeitwa usaili Moshi kwa kazi ya mtunza bohari ya dawa katika hospitali ya misheni, na Alhamisi iliyopita nilikwenda. Umekwenda vizuri. Sasa wanataka wadhamini wawili waliowahi kunisimamia kazini. Wa kwanza ni bosi wangu wa sasa. Wa pili ninaomba uwe wewe, kwa sababu miaka ile mitatu pale kituoni, 2019 hadi 2022, hakuna aliyeijua kazi yangu ya stoo kama wewe uliyekuwa ukisaini leja zangu kila mwisho wa mwezi.

Udhamini huu si kama ule wa vikoba au wa mkopo. Husaini deni la mtu, wala hutakiwi kuandika barua. Watakupigia simu mara moja, dakika kumi hivi, kati ya Jumatatu tarehe 9 na Ijumaa tarehe 13 Juni. Itakuwa namba ya mezani inayoanza na 027. Nakutajia mapema kwa sababu nakujua: namba usiyoifahamu huwa hupokei.

Kwenye fomu wameorodhesha watakayouliza: ulinifahamu vipi na kwa muda gani, uaminifu wangu na mali, namna ninavyoelewana na wenzangu, na kama ungekubali kufanya kazi nami tena. Sema unavyoona mwenyewe. Ila miaka imepita na wagonjwa uliowahudumia tangu hapo ni wengi, kwa hiyo nikukumbushe mambo mawili uliyoyashuhudia.

La kwanza ni ule mpango wa rafu wa 2021. Tulipohesabu tukakuta dawa zimeisha muda nyuma ya katoni mpya, nikapanga upya stoo nzima ili inayokaribia kuisha muda ndiyo itangulie kutoka, na nikaanza kuandika tarehe kwa maandishi makubwa mbele ya kila katoni. Kazi ninayoiomba ni hiyo hiyo, kwa bohari kubwa zaidi.

La pili ni kosa langu. Niliandika katoni 16 za dawa mseto badala ya 6, nikaligundua baada ya siku mbili, nikakuletea leja mwenyewe kabla mtu yeyote hajauliza. Wakikuuliza udhaifu wangu, naomba usilifiche hilo. Kwenye usaili nimelisimulia mwenyewe, na ningependa walisikie pia kwa mtu aliyekuwapo.

Wanaweza pia kuuliza kwa nini 2023 yote sikuwa kazini. Nilikuwa Lushoto nikimuuguza mama, nao nimewaeleza. Kama hukumbuki tarehe za mambo hayo, sema hukumbuki, usijilazimishe.

Jambo jingine. Fomu inakataza ndugu. Mimi na wewe tunaitana dada mpaka watu wanadhani tumezaliwa tumbo moja, lakini sivyo, kwa hiyo nimeandika kwamba ulikuwa msimamizi wangu na sasa ni rafiki yangu. Wakiuliza kuhusu urafiki, waambie ndiyo, upo. Sitaki ufiche chochote kwa ajili yangu.

Fomu ninairudisha Ijumaa hii, tarehe 6, saa kumi jioni. Ninachohitaji kwako ni ujumbe mfupi kabla ya Alhamisi usiku: kama unakubali, wapige namba ipi, saa ngapi watakukuta macho, na cheo chako cha sasa kinaandikwaje. Nimeacha "Muuguzi Msimamizi" kama zamani, ila nasikia umepanda.

Nimekuambatanishia tangazo la kazi na wasifu wangu wa kurasa mbili. Ukipata nafasi ya kusoma ukurasa mmoja tu, soma wa pili. Ndiko ilikoandikwa miaka yetu.

Na dada, kama mwezi huu umebanwa, au kuna jambo la kazi yangu usilotaka kulisemea, niandikie "safari hii siwezi". Sitauliza sababu. Yupo mfamasia tuliyefanya naye kazi ambaye naweza kumwomba Ijumaa asubuhi, na mimi na wewe tutabaki vile vile. Nimeanza kwako kwa sababu wewe uliniona siku nzuri na siku mbaya.

Jibu lolote litakalokuja kutoka Moshi, nitakupigia wewe siku hiyo hiyo.

Msalimie Baba Nuru.

Mdogo wako,
Mwanaidi