Yah: Usaili wa Alhamisi kwa njia ya video – majibu yangu yaliyokatika

Ndugu Mwenyekiti wa Jopo la Usaili,

Habari za kazi. Nakushukuru wewe na wajumbe wenzako kwa usaili wa Alhamisi asubuhi wa nafasi ya Afisa wa Hifadhi ya Mazao, na kwa uvumilivu wenu kila picha yangu ilipoganda. Nilikuwa Mlali, wilayani Kongwa. Umeme ulikatika mapema, nikahamia kwenye simu, na mtandao ukawa unakuja na kuondoka mpaka mwisho. Naomba radhi kwa usumbufu huo.

Jioni yake nilikaa na karatasi niliyokuwa naandikia maswali yenu, nikapitia kila mahali mliponiambia "tumekupoteza". Sehemu nyingi hazina uzito. Lakini jibu moja lilikatika vibaya kiasi kwamba mlichosikia ni kinyume cha nilichosema, na sikupenda kulala nalo. Naanza na hilo.

Mama anayesimamia lishe aliniuliza nitaishauri nini familia ambayo mahindi yake yamepimwa na kukutwa na sumukuvu kupita kiwango. Nadhani mlisikia hivi: "Watu wengi watasema yapewe mifugo…", kisha kimya, kisha "…ndivyo nitakavyowashauri." Katikati hapo nilisema kwamba ushauri huo wa kuwapa mifugo ni wa hatari na nitaupinga. Ng'ombe akila mahindi yenye sumukuvu, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, na wanywaji wakubwa wa maziwa nyumbani ni watoto. Bata na kuku wadogo nao huathirika haraka. Nikasema pia kwamba kuyapika hakusaidii, kwa kuwa moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Nimewasikia bibi zetu wakisema wanayaosha na kuyachemsha sana, nao wanasema kwa nia njema kabisa.

Nitakachowashauri ni kuyatenga mahindi hayo, kuyawekea alama, wasiyachanganye na mazuri na wasiyapeleke sokoni, kisha tumshirikishe afisa kilimo na afisa afya wa eneo hilo katika kuyateketeza. Naongeza jambo ambalo sikupata nafasi ya kulisema: mjane mwenye magunia matatu hatakubali yateketezwe kama hakuna chakula mbadala, na sitamlaumu. Mkiniajiri, swali langu la kwanza kwenu litakuwa mradi umetenga nini kwa kaya kama hiyo. Bila jibu la hilo, vipimo vyetu vitawafundisha watu kuficha mahindi.

Swali la pili lililokatika ni la namna ya kuchukua sampuli ghalani. Mlisikia neno "bambo" na halafu nikapotea. Nilikuwa naeleza kwamba sumukuvu haisambai sawasawa kwenye shehena. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi huku zilizozizunguka zikiwa safi. Kwa hiyo anayechota konzi moja mdomoni mwa gunia la mbele anaweza kupata jibu zuri kwenye ghala lenye hatari. Mimi nitachoma bambo kwenye magunia ya pande zote za rundo, ya juu, ya kati na ya chini, nikusanye kidogo kidogo, nimwage kwenye turubai safi na kuchanganya. Kisha nagawa fungu katika robo nne, naondoa mbili zinazotazamana, nachanganya zilizobaki, narudia mpaka kibaki kiasi cha kupeleka kwenye kipimo. Kiasi hicho chote kinasagwa kwanza, ndipo unachotwa unga wa kupima. Kusaga baada ya kuchota ni kosa nililolifanya mwenyewe nilipokuwa najifunza, na majibu mawili ya gunia moja yalitofautiana sana. Kiwango tunacholinganisha nacho, kwa viwango vya Afrika Mashariki, ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na mikrogramu 5 kwa aina ya B1.

La tatu ni la kaka aliyeuliza nitafanyaje na mkulima asiye na mashine ya kupima unyevu. Nilitaja chumvi, akacheka kidogo, na kabla sijaeleza mtandao ukaondoka. Naomba nimalizie. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, unaweka mahindi kiasi cha theluthi moja, unaongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa kwa dakika kadhaa, halafu unaiacha itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15, na mahindi yarudi juani juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo. Chumvi isiponata, mkulima ajue amepiga hatua tu, maana tunataka asilimia 13.5 au chini yake. Hapo ndipo mashine moja ya kijiji ina kazi. Nasisitiza hili kwa sababu ya mifuko ya kinga njaa inayosambazwa na mradi wenu. Mfuko usiopitisha hewa huua dumuzi vizuri, lakini haukaushi chochote. Mkulima akifungia humo mahindi mabichi, atafungua na kukuta yamevunda.

Mliniuliza pia kwa nini nafasi hii na si nyingine, nikajibu mara mbili na mara zote mbili sauti ikakatika. Mwaka 2016, watu walipofariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nilikuwa bado shuleni. Nakumbuka watu wazima kijijini kwetu wakiulizana ni ugonjwa gani, na hakuna aliyeyafikiria mahindi yaliyokuwa ndani ya nyumba zao. Tangu hapo nimetaka kazi ya kukaa na wakulima kati ya Mei na Julai, mavuno yanapoingia, kwa kuwa baada ya hapo mambo mengi huwa yameshaamuliwa.

Kuhusu tarehe ya kuanza, natakiwa kutoa notisi ya siku 30 ninakofanya kazi sasa. Pikipiki naendesha na leseni ninayo. Kigogo nakiongea tangu utotoni. Kirangi nasikia kidogo tu, hivyo Kondoa nitahitaji mwenzangu wa kunisaidia kwenye mikutano ya wazee.

Nimejitahidi kurudia nilichokisema Alhamisi, na pale nilipoongeza jambo jipya nimewaambia. Kama jopo linaona si haki kwa waombaji wengine kupokea maelezo kwa maandishi, nitaelewa, na nitafurahi kuulizwa upya maswali hayo matatu kwa sauti. Jumanne na Jumatano nitakuwa Dodoma mjini, naweza kufika ofisini saa yoyote mtakayonipangia. Nikitakiwa siku nyingine, nikipata taarifa jioni napanda basi Kibaigwa asubuhi na kufika mapema. Mkipendelea simu ya kawaida bila video, nambari yangu iko kwenye barua ya maombi.

Naomba ujumbe huu umfikie hasa mama wa lishe, kwa ajili ya lile jibu la mifugo.

Wako katika kazi,

Neema Chilewa
Mwombaji, nafasi ya Afisa wa Hifadhi ya Mazao
Mlali, Kongwa