Onesho la 3 la video ya wimbo: Mtaa wa Mirija, sekunde 0:48.0 hadi 1:26.4

Mwanamke mmoja anacheza akipita kwenye kichochoro chenye taa za neoni usiku, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho mwili wake hausimami. Picha inakatwa mara 21, yeye hakatiki hata mara moja. Hilo ndilo onesho lenyewe, na kila kinachofuata hapa chini kinalitumikia.

Vipimo. Wimbo una mapigo 100 kwa dakika, mapigo manne kwa duru. Picha ni fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo pigo moja ni fremu 15 kamili, duru moja ni fremu 60, na onesho zima la duru 16 ni sekunde 38.4, yaani fremu 960. Hakuna sehemu za fremu zinazobaki, kwa hiyo hakuna sababu ya mkato kuteleza nje ya mdundo. Upana wa picha ni 16:9. Shata ni 1/50, ili mkono unaopita haraka uache ukungu kidogo nyuma yake. Pasiwe na mwendo wa pole popote, wala wa kuharakishwa.

Kila mkato uingie fremu 2 kabla ya pigo. Jicho linahitaji kitambo kidogo kuipokea picha mpya. Likishaipokea, unyayo unatua papo hapo ngoma inapolia. Mkato ukiangukia juu ya pigo lenyewe, mtazamaji anauona umechelewa.

Mahali. Kichochoro cha lami, upana mita 5, urefu mita 50. Kuta ni za saruji isiyopakwa rangi, na madimbwi ni membamba, hayazidi kina cha kidole. Mabango 16 ya neoni yananing'inia mita 3 juu ya ardhi, moja kila mita 3, yakipishana ukuta huu na ule. Yawe na maumbo tu: duara, mshale, jani, wimbi, kiganja. Yasiwe na herufi hata moja, maana macho yakiona maandishi husoma, na anayesoma hamwangalii anayecheza.

Mwanga. Mabango manane ya kwanza ni mekundu yanayoelekea chungwa, rangi ambayo gesi ya neoni yenyewe hutoa ikipitishiwa umeme ndani ya mrija wa kioo kisicho na rangi. Manne yanayofuata ni ya buluu, ile buluu ya arigoni yenye zebaki, baridi na nyembamba. Manne ya mwisho ni ya waridi. Pima mwanga kwa mirija, usipime kwa uso: rangi ibaki ndani ya kioo cha mrija, usiiache iungue ikawa nyeupe. Uso utaingia gizani nusu ya wakati, na uachwe huko. Mizani ya weupe ifungwe Kelvini 4000 kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili nyekundu ibaki nyekundu na buluu isigeuke kijivu.

Taa zisichezeshwe na mdundo. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza kila mtu hulifikiria, na hapa lingeharibu kila kitu. Mirija inawaka tuli. Mchezaji anakwenda mita 3 kwa duru, kwa hiyo kila duru anaingia chini ya bango jipya na rangi inampanda usoni, inamshukia begani, inamwacha mgongoni. Mdundo wa mwanga unatoka kwenye miguu yake. Mrija mmoja tu ni mbovu, ule wa bango la saba: unakatika na kurudi bila mpangilio, nje ya mdundo, na usikatike zaidi ya mara 3 kwa sekunde moja. Mwako wa haraka kuliko huo, hasa mwekundu uliokolea, unaweza kuamsha mshtuko wa kifafa kwa baadhi ya watazamaji.

Mchezaji. Mwanamke wa miaka 30 hivi, ngozi nyeusi, nywele fupi zilizolowa. Amevaa koti la mvua la manjano linalofika magotini, halijafungwa vifungo, na viatu bapa vyeusi vya ngozi. Pindo la mkono wa kulia wa koti limekunjwa mara moja na limehifadhi maji. Wimbo unamhusu mtu aliyeondoka akajikataza kugeuka nyuma, kwa hiyo hageuzi uso kutazama alikotoka. Hata anapozunguka, macho yake yanatangulia mbele kabla ya mabega. Haimbi, midomo imefungwa. Anaipumua njia.

Hatua yake ya msingi: mguu wa kulia unakwenda mbele pigo la kwanza, kisigino cha kushoto kinasugua lami pigo la pili pamoja na kofi la wimbo, goti linalegea pigo la tatu, kisigino kinasugua tena pigo la nne. Nyonga inafuata nusu pigo nyuma ya goti. Upande wa skrini ni mmoja: kila tunapomtazama kwa ubavu anakwenda kulia, nasi tunaona upande wake wa kulia. Kamera isivuke mstari wa njia yake.

Duru 1 hadi 4, sekunde 0 hadi 9.6. Picha moja bila mkato. Lenzi ya milimita 35, kamera usawa wa kiuno, inasafiri sambamba naye kwa kasi ileile. Mwili mzima uonekane, na miguu isikatwe na ukingo wa chini. Mtazamaji apewe muda wa kuijifunza hatua, maana baadaye tutaivunja vipande na lazima awe ameshaibeba kichwani.

Duru 5 hadi 8, sekunde 9.6 hadi 19.2. Mkato mmoja kila duru, picha nne za fremu 60.

Ya kwanza ni kiatu cha kulia kikitua ndani ya dimbwi lililobeba duara jekundu. Karibu sana, lenzi milimita 85, kamera inagusa lami. Duara linavunjika pigo la kwanza, mawimbi yanasambaa, na linakaribia kuungana tena pale kisigino cha kushoto kinapolivunja upya. Ya pili ni bega na shingo, kutoka nyuma kidogo, upande uleule wa kulia. Ya tatu inatazama dirisha pana la kioo ukutani, ambamo taswira yake inapita ikielekea kulia vilevile, ila ndani ya kioo tunaona upande wake wa kushoto, ambao hatujauona tangu mwanzo. Nyuma ya taswira, bango la saba linakatika na kurudi.

Ya nne ni kutoka juu kabisa. Pigo la pili la duru ya 8 anaanza kuzunguka, robo ya mzunguko kwa kila pigo, huku bado akisonga mbele njiani. Koti linafunguka likawa duara la manjano juu ya lami nyeusi. Matone yanaruka kutoka kwenye pindo lililokunjwa, yanachora upinde mfupi, yanazimika. Mkato wa kuingia duru ya 9 umkute robo tatu ya mzunguko, na picha inayofuata impokee hapohapo: koti bado liko hewani, kasi ileile, matone yaleyale. Mzunguko unafungwa na kofi la pigo la pili. Kama koti litakuwa limeshatulia baada ya mkato, picha hiyo irudiwe yote, hata kama kila kitu kingine ndani yake ni kizuri.

Duru 9 hadi 12, sekunde 19.2 hadi 28.8. Buluu. Mkato kila mapigo mawili, picha nane za fremu 30. Hapa mwili unafanya kazi mbili. Miguu inaendelea na hatua ya msingi kwa kasi ileile; mkono wa kulia unapanda polepole kutoka nyongani hadi juu ya kichwa, na safari hiyo moja inajaza picha zote nane. Kila picha iukute mkono juu kidogo ya pale picha iliyotangulia ilipouacha: nyonga, mbavu, kwapa, bega, sikio, paji la uso, utosi, kisha kiganja kilichonyooka kuelekea bango lenye umbo la kiganja. Lenzi zibadilike kwa uhuru, karibu na mbali, lakini mkono usiruke nafasi hata moja. Maji kwenye pindo yanaanza kuteremka ndani ya koti kuelekea kwenye kiwiko. Yaonekane mara moja tu, katika picha ya sita, yaking'aa buluu kwenye ngozi ya kifundo cha mkono.

Duru 13 na 14, sekunde 28.8 hadi 33.6. Waridi. Mkato kila pigo, picha nane za fremu 15. Mikato inakimbia, yeye hakimbii: bado mita 3 kwa duru. Picha za mbali kutoka mwisho wa kichochoro, anakuja moja kwa moja kwetu, zipishane na za karibu mno: kisigino, shingo inayopumua, goti, ukosi wa koti. Mkono uliokuwa juu unashuka kwa mapigo manane yote.

Duru 15 na 16, sekunde 33.6 hadi 38.4. Ngoma zinanyamaza ghafla. Inabaki sauti ya mwimbaji na noti moja nzito ya kinanda. Picha moja ya fremu 122, bila mkato, kamera nyuma yake kwa mita 4, lenzi milimita 35, ikimfuata. Mtazamaji atategemea naye asimame. Hasimami. Kisigino kinasugua lami pigo la pili na la nne, na sasa tunakisikia, ngozi juu ya mchanga na maji. Hiyo ndiyo ngoma iliyobaki. Sauti hiyo irekodiwe peke yake, karibu, bila mwangwi wa kuongezewa.

Bango la mwisho liko juu yake mwanzoni mwa duru ya 16. Akilipita, waridi inamwachia kwa zamu: kwanza nywele, kisha bega, kisha mgongo wa koti ambao manjano yake inageuka kijivu. Mwisho unabaki ule mkono wa kulia ukiyumba nyuma kwa hatua, na tone moja kwenye pindo lenye rangi bado.

Fremu ya 960: mguu wa kulia uko hewani. Utatulia kwenye fremu ya kwanza ya onesho la 4.