Malipo ya mwezi huu hayajapita, picha zako ziko salama

Mambo vipi,

Leo tarehe 3 tulijaribu kukata malipo ya mwezi ya kuhifadhi picha zako kwenye kadi inayoishia na 4417, benki ikakataa. Hatujachukua hela yoyote. Ukiona kwenye app ya benki yako kama kuna kiasi kimeshikiliwa, huwa kinarudi chenyewe, benki ndio wanaamua lini.

Sababu tuliyorudishiwa ni kwamba kadi ime-ekspaya. Kwahiyo hata ukiongeza salio haitasaidia, inabidi uweke kadi mpya, na hata kama benki wamekupa nyingine yenye namba zilezile bado tarehe ya mwisho na zile namba 3 za nyuma zimebadilika, zinatakiwa ziingizwe upya.

Fungua app yetu, nenda Akaunti, halafu Malipo, bonyeza Badilisha Kadi, jaza, save. Benki ikikutumia code ya kuthibitisha iingize hapohapo kwenye ukurasa wa malipo, usimtumie mtu, hata akisema ametoka kwetu. Ukishasave tunakata palepale, mara moja tu.

Tutajaribu tena tarehe 6 na tarehe 10. Mpaka tarehe 10 unatumia kila kitu kama kawaida, baada ya hapo hutaweza kupandisha picha mpya ila za zamani utaziona na kuzidownload, hatufuti kitu.

Ukikwama jibu hii imeili, anasoma mtu kabisa. Namba za kadi usituandikie humu tafadhali.

Timu ya malipo