Mhimili Kwanza, Mstari Baadaye: Hotuba ya Kufungua Warsha ya Kusoma Chati

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Mwalimu mlezi wetu, wanaklabu wenzangu, na wageni mliovuka feri asubuhi hii kutoka Likoni, karibuni sana.

Kuchora chati tumeshajifunza. Leo tunakagua chati iliyochorwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo anaitaka pesa yako.

Nianze na bandari yetu. Mwaka 2023 Bandari ya Mombasa ilihudumia makasha kama milioni 1.62, kwa kipimo cha kasha la futi 20. Mwaka 2024 yakafika milioni 2. Ongezeko ni takriban asilimia 23, na ni kubwa, halihitaji kupambwa. Sasa chora nguzo mbili, mhimili wima uanzie milioni 1.5 badala ya sifuri. Nguzo ya kwanza inabaki na kimo cha 0.12, ya pili 0.5. Tarakimu zote ni za kweli, lakini jicho linaona bandari imekua zaidi ya mara nne! Kwenye chati ya nguzo tunalinganisha urefu, kwa hiyo isipoanzia sifuri, ikatae.

Chati ya mstari si lazima ianzie sifuri, maana hapo tunafuata mwelekeo. Ila uliza kwanza kinachopimwa ni nini. Grafu ya bei ya dola kwa shilingi ikipanda, shilingi yetu inadhoofika. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na kufikia Agosti ilikuwa karibu 129. Mstari uliporomoka, na hiyo ilikuwa habari njema kwa anayeagiza bidhaa kutoka nje. Halafu mtu akibana mhimili kati ya 128 na 131, mtikiso wa senti chache unageuka dhoruba.

Tarehe ya kuanzia ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu haionekani kama hila. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5. Agosti 2021 bei ilipita 40, na mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Anayeanzia 2008 atakuonyesha pesa iliyokaribia kuzaa mara tatu. Anayeanzia Agosti 2021 atakuonyesha hasara ya zaidi ya asilimia 60. Hisa ni ile ile, na mstari wa bei wa wote wawili umeacha gawio nje. Mkiletewa grafu ya miaka miwili, ombeni ya miaka kumi.

Kila meza ina chati sita na karatasi tupu. Funikeni mstari au nguzo kwa karatasi, msome mihimili, kipimo, tarehe na chanzo cha takwimu, kisha mwandike mnachotarajia kuona. Mkishaandika, ndipo mfunue. Tuanze na chati ya kwanza, dakika kumi.